Kujulikana na Mafundi Kabla ya Kuwa Fundi

(Maneno haya yalisemwa na kamati yetu ya maendeleo mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mkutano wa robo mwaka. Tumeyaandika hapa karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Tunajua jua ni kali na wengine mmeacha ng'ombe bila kunyweshwa, kwa hivyo hatutazunguka.

Katika mkutano uliopita vikundi vitatu vilileta swali moja. Tuna wanachama ambao kazi yao ya zamani imekufa mikononi mwao, na sasa wanataka kuingia kazi nyingine wakiwa na umri wa miaka thelathini na tano, arobaini, hata zaidi. Cheti hawana, karo ya chuo hawana, na katika ile kazi mpya hakuna mtu anayewajua. Swali likawa: waanzie wapi? Wajulikane vipi na watu wa kazi ile, kama hawana hata karatasi moja ya kuonyesha?

Tuliona afadhali tusijibu kwa maneno ya juu juu. Tutawaeleza habari za mama mmoja tuliyemfuata kwa karibu miaka mitatu. Jina lake hatutalitaja, maana yeye mwenyewe alituomba hivyo. Alikuwa mshonaji, akaingia kazi ya kuweka waya za stima kwenye nyumba. Tumechagua kazi hii ya stima kwa sababu ni ngumu kuliko nyingine nyingi kwa mtu asiye na cheti. Fundi wa kushona viatu akikosea, kiatu kinaachana. Fundi wa stima akikosea, nyumba inaungua. Na sheria nayo ipo: kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kazi ya kuweka stima ni ya mtu mwenye leseni, na leseni hiyo hutolewa na EPRA. Ukimaliza kuweka waya katika nyumba, mkandarasi mwenye leseni ndiye anayetia sahihi kwenye cheti cha kukamilika kwa kazi, na Kenya Power huhitaji cheti hicho kabla ya kuunganisha nyumba ya namna hiyo. Kwa hivyo mtu asiye na leseni, hata akiwa na mikono mizuri namna gani, hana budi kufanya kazi chini ya mwenye nayo. Kujuana na watu hapa ndiyo njia yenyewe ya kuingia.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokwenda.

Mama huyu alikuwa akishona sare za shule. Mwezi wa tatu mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka mwezi wa kwanza wa 2021. Mnajua wenyewe. Nani atanunua sare na mtoto yuko nyumbani akichunga mbuzi? Cherehani ikakaa. Lakini alipotazama barabarani aliona malori ya mawe na mchanga bado yanapita, na watu wanajenga. Kaka yake marehemu aliwahi kufanya kazi ya waya, na yeye akiwa msichana alipenda kumshikia taa. Basi akaamua.

Jambo la kwanza alilofanya ndilo wengi wetu tungefanya, na halikufaulu. Alimwendea fundi wa stima mwenye leseni anayejulikana hapa kwetu, akamwambia, "Mzee, naomba unifundishe kazi." Mzee akajibu vizuri, akasema njoo Jumatatu. Jumatatu akaambiwa njoo Jumatatu ijayo. Zikaenda Jumatatu tatu hivyo, na mwishowe simu ikawa haishikwi.

Baadaye sana, walipokuwa wamezoeana, tulimuuliza yule mzee kwa nini alimzungusha. Alisema wazi, bila kuona haya, na tunamshukuru kwa hilo. Kwanza, alisema, sikumjua, na kazi yangu inaingia ndani ya nyumba za watu. Kitu kikipotea naulizwa mimi. Pili, mwanafunzi hugharimu. Akikata waya mfupi kwa upana wa kiganja tu, waya ule wote umekuwa takataka, na mwenye nyumba hatanunua mwingine. Tatu, na hapa sauti yake ilishuka, alikuwa amefundisha vijana wawili siku za nyuma, na wote wawili walimpora wateja.

Sikieni basi. Mzee yule hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu tatu, na hakuna hata moja ambayo ingeondolewa na mtu kusimama mlangoni pake akiomba. Hofu hizo huondolewa na maneno ya watu wengine ambao yeye tayari anawaamini. Hapa ndipo tunaposema, tena kwa mkazo, kwamba mwenye leseni asiwe mtu wa kwanza kumwendea. Mwendee mwishoni. Anza na wale wanaompa yeye kazi.

Na ni akina nani hao? Kwa kazi ya stima ya huku vijijini ni wawili: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na fundi wa mawe.

Tuanze na duka. Mtu akijenga, hununua kwa mpango unaojulikana. Saruji na chuma za msingi, halafu mbao na mabati, halafu ndiyo paipu za kupitishia waya, vikasha vya soketi na swichi, na mwishowe waya wenyewe na taa. Mwenye duka hahitaji kutembea. Akiwa nyuma ya kaunta anajua nyumba ya nani imefika wapi. Na wenye nyumba humuuliza yeye, "Unajua fundi mzuri wa stima?" Jina atakalotaja ndilo litakalopigiwa simu.

Mama wetu hakwenda dukani kuomba kazi. Alikuwa mteja wa zamani, akinunua pale misumari na gundi. Akaongea na mwenye duka kwamba atakuja siku mbili kwa wiki, mchana wa Jumanne na wa Ijumaa, asaidie kupanga paipu na kuhesabu vikasha vinapoletwa, na malipo yake yatakuwa chai na ruhusa ya kuuliza maswali. Mwenye duka alicheka, akakubali. Siku ya lori la bidhaa, nani atakataa mikono miwili?

Ilikuwa miezi miwili tu, lakini alitoka na vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni majina. Alijifunza kwamba waya wa taa ni wa milimita moja na nusu, na ule wa soketi ni wa mbili na nusu, yaani huo wa pili ni mnene zaidi kwa sababu unabeba mzigo mkubwa. Alizijua paipu za milimita ishirini, kola zake, vikasha, na ile springi ndefu inayoingizwa ndani ya paipu ili ikipindwa isivunjike. Mtu akisema "nipe kile kitu cha kupinda", mafundi hujua mara moja ni mgeni. Akisema "nipe springi", wanageuka wanamtazama.

Cha pili hatukukitarajia, na tunakiona ni werevu mkubwa. Mafundi huandika orodha ya vitu, na mwenye nyumba huileta dukani. Mama alianza kuzitazama zile orodha. Aliona kwamba kuna fundi ambaye orodha yake ikija mara moja, haiji tena. Vitu vinatosha. Na kuna mwingine ambaye mwenye nyumba hurudi mara tatu, nne, amekasirika, mara vikasha vimepungua, mara kola zimesahauliwa. Bila kuingia katika nyumba hata moja, alijua ni fundi gani anayepima kazi yake kabla ya kuianza. Na orodha zilizotosha zilikuwa za nani? Za yule yule mzee wa Jumatatu tatu. Hapo alijua kwamba hakukosea mtu. Alikosea njia ya kumfikia.

Tukija kwa fundi wa mawe, mambo ni tofauti, na hapa tutakaa kidogo.

Mnajua nyumba zetu za mawe. Kuta zikipanda na mabati yakifungwa, kabla ya plasta kupigwa, fundi wa stima lazima aje achimbe mifereji ukutani kwa patasi, alaze paipu zake na afunge vikasha. Plasta ikishapigwa juu yake, mambo yamefunikwa. Kama ni nyumba ya slabu, hali ni kali zaidi, kwa sababu paipu za taa hulazwa juu ya vyuma kabla ya zege kumwagwa, na zege likishamwagwa hakuna kurudi. Kwa hivyo fundi wa stima anaishi kwa kalenda ya fundi wa mawe. Lakini wawili hawa mara nyingi hawasemezani. Fundi wa stima ana nyumba tano mahali mbalimbali. Fundi wa mawe ana nyumba moja na mwenye nyumba anamsukuma. Anasema plasta ni wiki ijayo. Mchanga unakuja mapema, anaanza wiki hii. Fundi wa stima anakuja Jumatatu anakuta ukuta umelainishwa kama uso wa mtoto. Sasa ni kupasua plasta mpya, siku mbili za kazi ambayo haina malipo, saruji nyingine ya kuziba, na ugomvi wa nani alipe. Ukiingia nyumba ukaona mistari mirefu ya plasta yenye rangi tofauti inayoshuka mpaka kwenye swichi, mara nyingi basi hayo ndiyo yaliyotokea.

Mtu anayejua siku ya plasta, na anayeweza kumpigia simu fundi wa stima kwa wakati, ana kitu cha thamani mkononi, hata kama hajawahi kushika koleo.

Mama aliingiaje kwa mafundi wa mawe? Kwa cherehani. Alikuwa anaona ovaroli zao zimepasuka magoti na viwiko. Akapita kwenye nyumba tatu zilizokuwa zinajengwa, saa ya chai, akasema anashona viraka vya ovaroli, unaleta jioni unachukua asubuhi. Alikuwa akitoza kidogo. Asubuhi alizirudisha yeye mwenyewe, akakaa dakika kumi, akauliza kazi imefika wapi. Wakamzoea. Mzee wa mafundi wale, mtu mpole sana, akawa anamwita "fundi wa magoti".

Tunawaomba viongozi mliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu watu wakibadilisha kazi hudhani ile ya zamani ni ya kutupwa. Mama huyu aliingia mlango wa kazi mpya akiwa amebeba kazi ya zamani. Mwingine alikuwa mwalimu wa nasari, anaweza kuwaandikia vibarua hesabu ya siku zao. Mwingine alikuwa na mkokoteni. Mtu mgeni asiyejua kitu hana nafasi pale, lakini mgeni anayetatua shida ndogo atakaribishwa chai.

Padri wetu alitukumbusha habari za Ruthu tulipokuwa tukitayarisha maneno haya. Boazi alipofika shambani hakuenda kumuuliza Ruthu mwenyewe. Alimuuliza msimamizi wa wavunaji huyu msichana ni wa nani, na msimamizi akasimulia jinsi alivyofanya kazi tangu asubuhi. Someni sura ya pili mkifika nyumbani.

Haya, turudi. Mwezi wa kumi 2020 siku ikafika. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu vya kulala, sebule na jikoni. Mzee wa mafundi wa mawe alimwambia mama wakati anapokea ovaroli yake kwamba mchanga umefika na plasta inaanza Alhamisi. Mama akatazama ukuta wa jikoni, akaona mifereji haijachimbwa. Ilikuwa Jumatatu. Akatuma ujumbe kwa yule mzee wa stima, ujumbe mfupi, tumeuona: "Shikamoo mzee. Plasta ya nyumba ya mwalimu inaanza Alhamisi. Paipu za jikoni na chumba cha mwisho bado." Hakuongeza neno juu ya kutafuta kazi. Hilo lilikuwa jambo la busara kabisa.

Mzee alikuwa mbali, na alidhani plasta ni wiki inayofuata. Akaja Jumatano asubuhi na kijana mmoja. Akakuta kazi ni nyingi kwa siku moja, na mama yuko pale na ovaroli yake mwenyewe, na mzee wa mafundi wa mawe anasema, "Mchukue huyu akusaidie, namjua." Maneno manne tu hayo. Yalifanya kile ambacho Jumatatu tatu hazikuweza.

Siku ile alichimba mifereji na kushika paipu. Lakini kuna kitu kimoja alikifanya bila kuambiwa. Paipu zikishalazwa, midomo yake hukaa wazi ndani ya vikasha, na wakati wa plasta mchanga na saruji huingia na kuganda. Hujui mpaka siku ya kuvuta waya, waya unaingia mita mbili unagoma. Mama alikuwa amesikia malalamiko hayo dukani. Akachukua karatasi za mifuko ya saruji, akazisokota, akaziba kila mdomo wa paipu. Mzee aliona jioni alipokuwa akikagua kwa tochi. Hakusema kitu. Lakini Ijumaa alimpigia simu akamuuliza kama ana nafasi wiki ijayo.

Katika nyumba ile ya kwanza hakulipwa, na walielewana hivyo mapema. Kutoka ya pili alilipwa kama mtu wa mkono, sawa na kibarua mwingine yeyote. Sisi katika kamati tulibishana sana juu ya hili la kufanya kazi bure, na wengine wetu hawakutaka kulisikia. Tulikubaliana hivi: nyumba moja bila malipo inaweza kuwa sawa kama mtu amejua tangu mwanzo, lakini mbili ni kudhulumiwa. Na iko alama nyingine ya kutazama. Kama mwanachama wenu amekwenda nyumba tatu na bado anabeba tu, anachimba tu, hajapewa koleo wala hajaonyeshwa jinsi soketi inavyofungwa, basi pale hakuna mafunzo. Atafute fundi mwingine kwa adabu.

Kwa akina mama na wasichana tunaongeza neno. Nyumba inayojengwa haina milango, na si kila msimamizi ana nia njema. Wako wanaotaka kulipwa kwa njia nyingine ili mtu "aunganishwe" na kazi. Mama yetu alikuwa na sheria zake: haendi mahali mzee wa mafundi hayupo, hakai baada ya saa kumi na moja, na kila asubuhi katibu wa kikundi chake anajua yuko nyumba ya nani. Mahali pamoja aliacha siku hiyo hiyo, akasamehe hata ujira wake wa nusu siku. Kikundi kilimuunga mkono. Kisingemuunga, angerudi pale kesho yake kwa sababu ya unga.

Sasa tuseme alipoanguka, maana hadithi isiyo na anguko mngetushuku.

Ilikuwa mwaka 2021, amefanya nyumba sita hivi. Jirani wa nyumba moja akamwita kando, akamwambia, "Mama, wewe si unajua hii kazi? Niongezee soketi moja sebuleni, yule mzee wako ni ghali." Akaifanya Jumapili alasiri. Alivuta ile soketi kutoka kwa waya wa taa, ule mwembamba, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Soketi ikawaka, akalipwa, akafurahi. Baada ya wiki mbili jirani alinunua koili ya kuchemshia maji akaichomeka pale. Waya ukapata moto ndani ya ukuta. Walisikia harufu ya plastiki inayoungua, wakazima swichi kuu, na kwa neema ya Mungu haikuenda mbali zaidi. Wakamwita nani? Wakamwita mzee, kwa sababu ndiye mwenye sahihi.

Mzee alibomoa na kurudia kazi ile kwa gharama yake, na kwa miezi miwili hakumpigia mama simu. Ile hofu yake ya tatu, ya kuporwa wateja, ilikuwa imetimia, tena pamoja na hatari ya moto. Mwenye duka alisikia. Mafundi wa mawe walisikia. Kazi hizi ni kama kijiji kimoja. Kilichokujenga kwa miezi kumi kinaweza kubomoka Jumapili moja.

Alitengeneza hivi. Alirudisha pesa yote ya jirani. Halafu hakumwendea mzee peke yake, alikwenda na yule mzee wa mafundi wa mawe kama mtu wa kati, jinsi tunavyofanya katika mambo yetu ya nyumbani. Akakiri. Wakaandikiana katika daftari, mistari minne: hatafanya kazi yoyote ya stima peke yake, hatagusa mita wala waya unaotoka kwa mlingoti, mteja yeyote akimwita atatoa namba ya mzee, na mzee kwa upande wake, kazi ikipatikana kupitia kwake, atampa sehemu kidogo ya shukrani. Huu mstari wa mwisho ni wa hekima. Kabla yake kila mteja aliyemwita alikuwa majaribu. Baada yake, kila mteja aliyemwita alikuwa faida kwa wote wawili.

Tunawashauri mwanachama yeyote anayeingia chini ya fundi aandikiane hivyo tangu siku ya kwanza, asingoje moshi.

Na daftari hilo lilikuwa na kazi nyingine. Tangu nyumba ya pili alikuwa akiandika tarehe, nyumba ya nani, alifanya nini kwa mikono yake, na fundi gani alisimamia. Kila nyumba ikiisha mzee alitia sahihi na namba ya simu. Mwaka 2022 alipotaka kufanya mtihani wa Gredi ya Tatu, ule unaosimamiwa na NITA, aliufungua mbele ya mzee wakahesabu nyumba kumi na moja. Mtihani huu una sehemu ya mikono, na hauhitaji mtu awe amekaa chuoni, kwa hivyo unawafaa watu wa namna hii. Lakini kumbukeni unampima mtu kwa kazi nzima, na msaidizi huwa anajua vipande. Kupitia lile daftari waliona pengo: paipu alizijua sana, vikasha na soketi alizijua, lakini kisanduku cha swichi kuu alikuwa amekifunga mara moja tu, maana pale mzee alikuwa akifanya mwenyewe. Basi mwenye duka akawapa vipande vya waya na kisanduku kilichopasuka upande, wakapigilia vyote kwenye ubao nyuma ya duka, na akawa anafunga na kufungua jioni kwa wiki sita.

Alipita. Tunaomba hapa msichanganye mambo mawili: Gredi ya NITA si leseni ya EPRA. Gredi inasema mtu ana ujuzi. Leseni ndiyo inayompa ruhusa, na huombwa peke yake, kwa daraja mbalimbali. Kwa hivyo hata baada ya Gredi aliendelea chini ya mzee. Tofauti ni kwamba sasa analipwa kama fundi, na mzee humwachia nyumba siku nzima kisha anakuja kukagua na kupima kabla ya kutia sahihi. Na kuna watu wanaozunguka wakisema watakuletea cheti bila mtihani, ulipe tu kwa M-Pesa. Kabla ya kumlipa mtu, ulizeni ofisi ya NITA yenyewe kama kituo kile kinatambuliwa.

Mzee mmoja pale nyuma ametuuliza kwa sauti ya chini kama njia hii inafaa kila kazi. Haifai kila kazi. Mtu anayetaka kuwa muuguzi au mwalimu hawezi kuanzia dukani. Pale ni chuo kwanza, na kujuana kutakuja baadaye. Inafaa kazi ambazo hufundishwa kwa mikono na ambazo kazi hufika kwa mdomo: mabomba, useremala, kuchomelea vyuma, magari. Majina ya watu yatabadilika. Kwa fundi wa mabomba, bado ni fundi wa mawe na duka. Kwa fundi wa magari, ni muuza spea na madereva. Kila kikundi kikae na mwanachama wake, kiulize: katika kazi hii, ni nani anayejua kwanza kwamba kazi ipo? Huyo ndiye wa kujulikana naye.

Ni njia ya polepole pia. Mama yetu ilimchukua miaka miwili kufika Gredi, na miezi ile ya mwanzo alikula kwa viraka vya ovaroli na kwa mkopo mdogo wa mzunguko wa kikundi chake. Mkopo huo ulinunua koleo, bisibisi mbili, testa, patasi, nyundo, tepu ya kupimia na springi moja. Tunasema hivi ili vikundi vijue vinachoombwa. Mwanachama akija kuomba fedha za vifaa, muulizeni kwanza ni fundi wa mawe gani anayemjua kwa jina, na nyumba gani inapigwa plasta wiki hii. Kama hana jibu, vifaa vitakaa chini ya kitanda.

Tumechapa barua fupi ya utambulisho ambayo kikundi kinaweza kumpa mwanachama aende nayo kwa mwenye duka. Inasema tu yeye ni nani, amekuwa mwanachama tangu lini, na mwenyekiti anapatikana kwa namba gani. Ziko mezani kwa katibu, nakala mbili kwa kila kikundi. Daftari zile ndogo zenye mistari ziko hapo hapo, na anayechukua aandike jina. Chai iko tayari chini ya mti.